Nimepoteza kazi, mkopo umebaki milioni 4, naombeni mnisaidie barua ya kuomba rejesho lipangwe upya (Kigoma)

Msafiri_Gungu (mleta uzi)

Wakuu habari za leo. Niko Kigoma mjini, Gungu. Nilikua stoo kipa kwenye shirika lililokua linafanya kazi kambini Nyarugusu, mradi ukafungwa mwisho wa mwezi wa tisa na sisi wote tukaondolewa. Nina mkopo kwenye taasisi moja ya fedha hapa mjini, nilichukua milioni 6 kwa miezi 36, riba 1.5% kwa mwezi kwenye salio linalopungua, rejesho ni 217,000 kila tarehe 25. Nimelipa 14 bila kuchelewa hata siku moja. La mwezi wa 11 na la mwezi wa 12 sijalipa. Wananipigia simu karibu kila siku, na mdhamini wangu nae wanampigia, hiyo ndo inaniumiza zaidi.

Wiki iliyopita nilipeleka barua, afisa mikopo akaisoma akasema hii haitoshi, leta nyingine iliyoeleweka. Niliandika hivi:

*"Naomba mnisaidie kwa kuwa nimeachishwa kazi na hali yangu ni ngumu sana, nina watoto wawili na mama mgonjwa. Naomba mnipunguzie rejesho hadi hapo hali yangu itakapokaa vizuri. Nitashukuru sana kwa huruma yenu."*

Sijakaa bure, nauza dagaa na kuna duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga naandika vitabu vyao vya mahesabu. Nadhani naweza 80,000 kwa mwezi. Sasa barua iweje ili wakubali? Msaada wenu wakuu, leo ni tarehe 14 na rejesho la tatu linakuja tarehe 25.

---

Mjuzi_wa_Mambo

Mkuu mbona unahangaika, kila mkopo una bima, ile hela waliyokata siku unachukua mkopo ndo yenyewe. Ukipoteza kazi bima inalipa deni lote unabaki huru. Waambie waende kwenye bima wakuache. Na NSSF nenda kachukue hela zako zote zilizomo umalize kesi.

---

Shujaa77

Bora wewe una 1.5%. Mimi nipo kwenye kausha damu, nilichukua laki 3 kwa jamaa mmoja hapa Kasulu, riba 10% kwa WIKI, nimesharudisha laki 4 na bado anasema anadai laki 2 na ushee. Kadi yangu ya benki anayo yeye. Barua gani inaandikwa kwa mtu kama huyo? Mimi naona wote ni wezi tu, usilipe kaka, watafanya nini.

---

BibiKanyenye

Habari zenu wanangu. Nipo Tabora, nimekua afisa mikopo miaka 19 na mingine ya mwisho nilikaa kwenye kitengo cha mikopo iliyochelewa, kwahiyo barua kama hizi nimezisoma nyingi na nyingine nimezikataa mwenyewe.

Kwanza nimjibu huyu wa bima maana kasema nusu. Bima ya mkopo ipo ndio, lakini nyingi zinalipa mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Zipo chache zenye kipengele cha kuachishwa kazi, na hata hizo huwa zinalipa marejesho ya miezi michache sio deni lote, tena zina muda wa kutoa taarifa. Msafiri toa mkataba wako kabatini usome hiyo karatasi ya bima leo leo, usije ukawa umepitwa na siku.

Shujaa, ya kwako ni nyingine kabisa na nakuomba ufungue uzi wako tutakuja. Kwa ufupi Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili ukomo wa riba 3.5% kwa mwezi, na kushika kadi ya benki ya mtu hairuhusiwi. Huyo wako hata leseni sidhani kama anayo. Ila usimwambie mwenzio asilipe, yeye mkopo wake ni halali na ana mdhamini atakaeumia.

Sasa barua. Mwanangu afisa wako hajakunyima, kakwambia ukweli. Ile barua hawezi kuifanyia kazi hata akikuhurumia. Yeye hana mamlaka ya kubadilisha mkataba, anaandika dokezo linapanda kwa meneja na pengine kamati ya mikopo, na kwenye hilo dokezo kuna nafasi za kujaza: sababu ya kuchelewa, kipato kipya na ushahidi wake, matumizi, rejesho linalopendekezwa, muda. Barua yako inajaza nafasi moja tu. Hizo nyingine ajaze nini? Akibuni yeye atabuni kwa kujilinda.

Halafu hiyo 80,000, umeipataje? Nijibu haya: stetimenti inasema salio kiasi gani leo, kipato chako mwezi kwa mwezi tangu mwezi wa kumi (usinipe wastani), matumizi ya nyumbani, na kama una hela yoyote pembeni.

---

Msafiri_Gungu

Asante sana mama, shikamoo. Nimeenda kuchukua stetimenti. Baki la mkopo wenyewe ni 4,039,000, riba ya miezi miwili 121,000, na faini ya kuchelewa 43,000.

Dagaa faida, mwezi wa 10 nilipata 260,000, mwezi wa 11 ukawa mbaya 90,000 tu, mwezi wa 12 190,000. Pale dukani nimeanza mwezi wa 12 wananipa 220,000. Ndo mana rejesho la mwezi wa 11 lilinishinda, dukani nilikua bado. Matumizi nimekaa na mke wangu tumeandika kila kitu, kodi, chakula, shule, luku, maji, dawa za mama, inakuja 250,000 na hapo hakuna nguo wala nini. Kiinua mgongo nilipewa milioni moja na elfu ishirini kwa miaka minne, nikalipa rejesho la mwezi wa 10 humo humo, nikatoa laki 6 mtaji wa dagaa, nyingine ilienda hospitali.

80,000 nilisema tu kwa kuangalia nisije nikashindwa.

---

BibiKanyenye

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kukaa na mkeo.

Haya tuitazame 80,000 vile meneja atakavyoitazama. Ukichukua baki na riba ya miezi miwili unapata 4,160,000. Riba ya mwezi mmoja juu ya hiyo, 1.5%, ni 62,400. Kwahiyo kwenye 80,000 yako, 62,400 inaliwa na riba na elfu 17 na kitu ndo inapunguza deni. Ukipiga hesabu mpaka mwisho itakuchukua miezi zaidi ya 100, yaani miaka 8 na nusu. Hakuna kamati itapitisha hiyo kwa mkopo wa mtu binafsi. Wewe ulidhani unaomba kitu kidogo kinachobebeka, kumbe umeomba kitu kisichowezekana, na ndo kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote: mtu anataja rejesho bila kujua riba ya mwezi inakula kiasi gani. Rejesho lolote lililo chini ya riba au limeigusa tu halifungi mkopo.

Sasa tuende kwa kipato. Kwa wastani wa dagaa wa miezi mitatu, 180,000, ukijumlisha na duka una 400,000. Toa matumizi 250,000, inabaki 150,000. Hapo ndo mwisho wa uwezo wako, na rejesho lisifike mwisho wa uwezo. Salio lile lile likitandazwa miezi 48 kwa riba ile ile, rejesho ni kama 122,000. Inabaki 28,000 ya kuweka akiba. Miezi 36 ingekua 150,000 na ushee na hiyo ukiugua wiki moja tu umeanguka.

Lakini angalia mwezi kama ule wa 11. Faida 90,000 na duka 220,000, toa matumizi, unabaki na 60,000. Rejesho 122,000 utalitoa wapi? Kwenye akiba ya mwezi kama ule wa 10, ambao ukijumlisha na duka ungebaki na zaidi ya laki baada ya rejesho. Kwa hiyo inawezekana ila kwa mtu anaeweka. Kama hela ya mwezi mzuri huwa inaisha na mwezi mzuri, niambie sasa hivi tusidanganyane.

---

Katonga_Boy

Mama umeongea vizuri ila naona hapo kuna kitu cha ziwa hujakigusa, mimi nipo kwenye dagaa miaka 11, Katonga na Kibirizi.

Jamaa asikubali tarehe 25 kila mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukishakua mkubwa mbalamwezi inatawanya dagaa na mitumbwi inalala, siku kama 8 mpaka 10 hamna kitu cha maana mwaloni. Halafu giza la mwezi huu na la mwezi ujao haziangukii tarehe moja, zinasogea siku moja hivi nyuma kila mwezi. Kwahiyo tarehe 25 mwezi huu inaweza kukukuta umeuza mzigo wote, miezi mitano mbele inakukuta kwenye mbalamwezi mtaji wote uko kwenye magunia huko Tabora hujalipwa. Mimi mkopo wangu naugawa mara mbili, nusu tarehe 10 nusu tarehe 25, walikubali.

La pili ndo kubwa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 kupumzisha samaki. Ilikua kavu. Mimi nilikua na mkopo na hakuna mtu aliniambia niweke kwenye mkataba, nikauza injini ya mtumbwi. Aweke kipengele cha ziwa kufungwa, asipoweka atakua anarudi na barua nyingine mwezi wa sita.

---

BibiKanyenye

Katonga ubarikiwe, hayo ya mbalamwezi mie wa Tabora nisingeyajua, huku tunawaona dagaa wakishafika stesheni.

Basi Msafiri, kipindi cha kufungwa omba ulipe riba tu, 62,000 hivi, salio lisipande wala lisishuke. Jua kwamba ile miezi mitatu inasogeza mwisho wa mkopo miezi mitatu mbele, sio zawadi. Ziwa likifungwa utaingiza nini zaidi ya duka?

---

Msafiri_Gungu

Mawese mama. Mke wangu ana ndugu zake Simbo wanakamua, akichukua madumu kadhaa na kuuza hapa tunapata kama 60,000 kwa mwezi. Na kuhusu kuweka, nna kibubu na mke wangu ndo anashika, hiyo nakuhakikishia.

---

BibiKanyenye

Basi 220,000 na 60,000 ni 280,000, toa matumizi unabaki na 30,000, riba inataka 62,000, pungufu 32,000 kwa mwezi, miezi mitatu ni kama 96,000. Akiba yako ya 28,000 kwa miezi tisa ya ziwa kuwa wazi ni 252,000. Inatosha na inabaki. Hesabu hii iweke kwenye barua, mistari miwili tu. Meneja akiona umeshaufikiria mwezi mbaya kabla yeye hajakuuliza, anakuamini na ule mwezi mzuri.

---

Dereva_wa_Kasulu

Mimi ni mdhamini wa mtu, naomba niongee kwa upande wetu. Rafiki yangu alipangiwa upya mkopo mimi sijaambiwa, nimekuja kujua baada ya mwaka napigiwa simu nadaiwa kwa mkataba ambao sijausaini. Tuligombana mpaka leo hatuongei. Msafiri nenda kwa mdhamini wako KABLA ya kupeleka barua, mpe asome. Na kwenye barua useme kashajulishwa na yuko tayari kuja kusaini nyongeza ya mkataba.

NSSF nako sio kama alivyosema Mjuzi. Hawakupi zote. Kuna fao la kukosa ajira, mimi nimelipata nilipoachishwa udereva, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, uwe umechangia angalau miezi 18 na uwe hujaacha kazi mwenyewe. Ulikua na mshahara gani?

---

Msafiri_Gungu

Wa msingi 950,000. Nimechangia miaka yote minne. Nilikua sijui kabisa hiyo, nilijua mpaka uzeeke. Ila pale dukani si itahesabika nina ajira?

---

Dereva_wa_Kasulu

Basi ni kama 316,000 kwa mwezi kwa hiyo miezi sita, karibu milioni 1.9 yote. Hilo la duka nenda ofisini kwao uwaulize na useme ukweli, mimi nilikua nakaa nyumbani tu kwahiyo swali hilo halikunikuta.

---

Mjuzi_wa_Mambo

Sawa nimekubali kwenye NSSF na bima. Ila mimi naona angelirudisha zile laki 6 za mtaji kwenye mkopo, deni linashuka papo hapo na riba inashuka. Kwanini adaiwe huku ana laki 6 mfukoni?

---

Katonga_Boy

Laki 6 ndo inayozaa hiyo 180,000 mkuu. Akiitoa deni linabaki milioni 3.56 na kipato kinabaki cha duka, 220,000, hata kula hatoshi. Ng'ombe wa maziwa huyo unataka kumchinja ulipe deni la majani.

---

BibiKanyenye

Katonga kaniwahi. Ila Mjuzi hajakosea kwenye jambo moja, hela ya mkupuo ikipatikana inabadilisha sana. Tuseme NSSF imelipa na ameweka milioni 1 kwenye mkopo, akiendelea na rejesho lile lile la 122,000, miezi 48 inakua kama 33. Lakini isiandikwe kama ahadi. Hela isiyo mkononi ukiiahidi kwenye barua na isije, wewe umeshavunja makubaliano mapya kabla hayajakauka wino. Andika kwamba ikipatikana utaiweka, na uombe kulipa kabla ya muda kusiwe na faini.

Na nikwambie gharama yake pia, usije ukasema bibi hakunieleza. Marejesho 22 yaliyobaki ya zamani yangekua jumla kama milioni 4.77. Kwa mpango wa miezi 48 jumla ni kama milioni 5.87, karibu milioni 1.1 zaidi. Unanunua nafasi ya kupumua kwa hiyo bei. Kwa hali yako naona inafaa, ila uinunue ukijua. Na ile riba ya 121,000 ikishaingizwa kwenye salio nayo itazaa riba, ukiweza kuilipa kando ulipe.

Jambo la siku. Leo umechelewa kama siku 50 kuhesabu kutoka Novemba 25. Siku 90 zinatimia Februari 23. Mkopo ukivuka 90 kwa kawaida unahesabika kuwa chechefu, taasisi inalazimika kutenga hela zaidi kwa ajili ya hasara, taarifa zako zinasomeka vibaya kwa wakopeshaji wengine, na meneja nae mkono unakua mzito. Kabla ya hapo wewe bado ni mteja mzuri aliyepata tatizo. Kwahiyo barua iingie wiki hii, na tarehe 25 usiende mikono mitupu, lipa 62,400 ya riba ya Januari hata kama hawajakujibu, uchukue risiti. Salio litabaki pale pale 4,160,000 na hesabu zetu hazitaharibika.

Ushahidi utakaobeba: barua ya kuachishwa kazi, barua ya mwenye duka inayosema anakulipa kiasi gani, miamala ya simu ya miezi mitatu, na stakabadhi za ushuru unapotoa mzigo mwaloni pamoja na za kusafirishia. Hizo stakabadhi za ushuru watu wanazitupa, kumbe ndo zinazoonyesha biashara ipo kweli na ni ya ukubwa gani. Daftari pekee unaweza kuliandika usiku mmoja na maafisa tunalijua hilo.

Andika ulete hapa.

---

Msafiri_Gungu

Nimekesha nayo. Majina nimeyatoa. Mdhamini wangu (baba mdogo) nimemfuata Ujiji nimemsomea na amekubali.

*Kwa: Meneja wa Tawi*
*Kupitia: Afisa Mikopo*

*YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO NAMBA ........*

*Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyechukua mkopo wa TSh 6,000,000 kwa miezi 36. Nimelipa marejesho 14 kwa wakati. Ajira yangu ilikoma Septemba 30 baada ya mradi kufungwa (barua imeambatishwa), na sikuweza kulipa marejesho ya Novemba na Desemba. Sipingi deni hili na nataka kulimaliza.*

*Kwa sasa nina vyanzo viwili vya kipato. Cha kwanza ni kuandika vitabu vya mahesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, ninalipwa TSh 220,000 kwa mwezi. Cha pili ni biashara ya dagaa kutoka Kibirizi kwenda Tabora, iliyonipa faida ya TSh 260,000 Oktoba, 90,000 Novemba na 190,000 Desemba. Matumizi ya kaya yangu ni TSh 250,000 kwa mwezi. Kwa wastani ninabaki na TSh 150,000.*

*Ninaomba yafuatayo. Salio la TSh 4,160,000, yaani baki la mkopo pamoja na riba ya miezi miwili, lipangwe kwa miezi 48 kwa riba ile ile, rejesho likiwa takribani TSh 122,000. Rejesho hilo nililipe kwa sehemu mbili, tarehe 10 na tarehe 25, kwa kuwa biashara ya dagaa hufuata giza na mbalamwezi. Endapo Ziwa Tanganyika litafungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, katika miezi hiyo nilipe riba pekee. Nimepiga hesabu kwamba katika kipindi hicho nitapungukiwa takribani TSh 32,000 kwa mwezi, nami nitaifidia kwa akiba ya TSh 28,000 ninayopanga kuiweka kila mwezi ziwa likiwa wazi. Ninaomba pia faini ya TSh 43,000 iondolewe, na niruhusiwe kulipa kabla ya muda bila gharama ya ziada, kwa kuwa ninafuatilia fao la kukosa ajira NSSF na likipatikana nitapunguza deni.*

*Tarehe 25 Januari nitalipa TSh 62,400 wakati ombi hili likishughulikiwa. Mdhamini wangu amelijua ombi hili na yuko tayari kusaini nyongeza ya mkataba. Kipato changu kikibadilika nitawajulisha kwa maandishi kabla ya tarehe ya rejesho.*

*Naomba majibu kwa maandishi kabla ya Februari 10.*

---

BibiKanyenye

Mwanangu hii ningeipandisha siku hiyo hiyo. Huyo mama mgonjwa umemtoa, amebaki ndani ya 250,000 ambako ndo mahali pake. Toa nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe ubaki nayo wewe. Na ujue barua haisimamishi mkataba wa zamani, mpaka wakujibu deni linahesabika kama kawaida.

---

Shujaa77

Nimesoma yote. Nafungua uzi wangu kesho, bibi usiache kuja.

---

Msafiri_Gungu (mrejesho, Februari 6)

Wakuu nimerudi. Barua niliingiza tarehe 16, wakagonga muhuri. Tarehe 25 nililipa 62,400. Simu kwa baba mdogo zimekata tangu siku ile.

Jana meneja kaniita. Wamekubali kupanga upya ila kwa miezi 42 sio 48, rejesho ni 134,000. Faini wameondoa nusu. Tarehe mbili wamekubali. Kulipa mapema ruksa. Ila kipengele cha ziwa meneja kasema "hilo tutaelewana tu likifika", kwenye nyongeza ya mkataba hakipo. Wanataka nisaini Jumatatu. NSSF nimejaza fomu na kazi ya duka nimewaeleza, wamesema wataangalia, bado hawajanijibu. Nisaini?

---

Katonga_Boy

Mimi niliambiwa "tutaelewana" neno kwa neno. Meneja alihamishwa mwezi wa nne, aliyekuja hakujua chochote.

---

Mjuzi_wa_Mambo

Saini tu mkuu, siku 90 hizo zinakuja. Februari 23 sio mbali. Ukileta ubishi sasa hivi wanaweza kuondoa ofa yote.

---

BibiKanyenye

134,000 inabebeka. Akiba inashuka toka 28,000 mpaka 16,000, miezi tisa ni 144,000, na ile miezi mitatu ya ziwa inataka 96,000. Nyembamba ila inatosha. Lakini hesabu hiyo inasimama kama miezi hiyo unalipa riba tu. Ukidaiwa 134,000 kamili kila mwezi ziwa limefungwa, utapungukiwa zaidi ya laki tatu, na mtaji wa dagaa ndo utakaotoka.

Mjuzi ana hoja kwenye siku, siibezi. Leo ni tarehe 6, una siku 17. Jumatatu nenda na baba mdogo, mwambie meneja 134,000 umekubali na miezi 42 umekubali, unaomba sentensi moja tu iongezwe: "Endapo uvuvi katika Ziwa Tanganyika utasitishwa na mamlaka, mkopaji atalipa riba pekee kwa miezi husika." Kama anasema mfumo wao haupokei, aiandike kwa kalamu pembeni, asaini yeye, usaini wewe, asaini baba mdogo, na muhuri. Akikataa kabisa mwombe akupe jedwali la marejesho uje nalo nyumbani kabla ya kusaini chochote, ututumie hapa tuone kama la kwanza linaangukia mwezi gani.

---

Msafiri_Gungu

Sawa mama. Jumatatu saa tatu tuko pale.